Milioni 100 zimetumika, kazi imefika wapi? Kulinganisha njia nne za kukadiria gharama ya mwisho

Mwisho wa Julai nilikaa kwenye kikao cha kamati ya ujenzi wa shule moja nje kidogo ya Tanga mjini, upande wa barabara ya Pangani. Kazi yenyewe ni madarasa sita, ofisi, vyoo na uzio. Bajeti nzima ni shilingi milioni 240 na muda ni miezi kumi, kuanzia Machi hadi Desemba, ili wanafunzi waingie Januari. Tarakimu za humu nimezinyoosha kidogo zifuatike kwa urahisi.

Mhasibu alifungua daftari lake akasema, "Mzee mwenyekiti, mpaka leo tulipanga tuwe tumetumia milioni 120. Zilizotoka ni milioni 92. Tumeokoa milioni 28."

Watu wakashukuru Mungu. Mzee akanigeukia, "Mwanangu, wewe mkadiriaji majenzi, unasemaje? Itaishia ngapi?"

Nikaomba tukaangalie kazi kwanza. Ukilinganisha fedha zilizopangwa na fedha zilizotoka unajua habari za sanduku tu, habari za jengo hujazipata. Eneo la ujenzi likisimama mwezi mzima bila kibarua hata mmoja, kwa hesabu ya mhasibu mtaonekana mmeokoa vizuri sana.

Namba ya tatu inayokosekana ni thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, kwa bei za bajeti. Kwenye fomula huandikwa EV. Thamani ya kazi iliyopangwa kuwa imekwisha kufikia tarehe hiyo ni PV, gharama halisi ni AC, na bajeti nzima ni BAC. Hizo nne zinatosha kwa yote yanayofuata.

Tukazunguka na fundi mkuu na futi. Msingi na jamvi vilikuwa vimekamilika, navyo kwenye mchanganuo ni milioni 30. Kuta zimepangiwa milioni 48 na matofali 14,400. Tukahesabu yaliyopangwa ukutani, yakawa 9,000, yaani asilimia 62.5, basi kuta zimeingiza milioni 30. Uzio nao ukawa umefikia kazi ya milioni 30. Paa halijaguswa. Jumla EV ni milioni 90.

Hapa nasisitiza jambo moja, kwa sababu nimeona makadirio mengi yakiharibikia hapa na si kwenye fomula. Usimuulize fundi "kuta zimefika asilimia ngapi?" Atakwambia themanini, na hatakuwa anadanganya, macho huona ukuta ulioinuka na hayaoni kozi zilizobaki juu ya linta. Hesabu tofali. Na saruji iliyolala stoo si kazi iliyofanyika hata kama imelipiwa. Usiiingize kwenye EV, na gharama yake usiihesabu kwenye AC mpaka itoke stoo.

Kinyume chake nacho kipo, na ndicho kilichotukuta. Duka la vifaa lilikuwa limetukopesha nondo na saruji za milioni 8 ambazo zilikuwa tayari ndani ya zege, ila daftari halikuzijua kwa kuwa hazijalipwa. Kwa hiyo AC haikuwa 92, ilikuwa 100. Ukiacha deni hilo nje unapata picha ya mradi unaokaribia kwenda sawa. Gharama na kazi lazima vikatwe tarehe moja: kilichotumika kimehesabiwa, kiwe kimelipwa au bado.

Sasa tunazo zote:

```
BAC = 240   PV = 120   EV = 90   AC = 100   (milioni)

CPI = EV / AC = 90 / 100 = 0.90
SPI = EV / PV = 90 / 120 = 0.75
```

CPI ni fahirisi ya gharama: kila shilingi 100 tulizotoa tumepata kazi ya shilingi 90. SPI ni fahirisi ya ratiba: kati ya kila shilingi 100 za kazi tuliyopanga, tumefanya ya shilingi 75. Zile milioni 28 za mhasibu zimeyeyuka. Tumezidisha gharama kwa milioni 10, na tuko nyuma kwa kazi ya milioni 30.

Fahirisi hizi mbili haziaminiki sawasawa. Ya gharama ndiyo niiaminiyo zaidi, mradi EV na AC zimepimwa kwa uangalifu. Ya ratiba ina kasoro mbili ambazo ukizijua mapema hazikupotezi.

Kasoro ya kwanza ni kwamba inapima muda kwa shilingi. Siku jengo litakapokamilika, hata likichelewa mwaka, EV itakuwa 240 na PV itakuwa 240, na SPI itasoma 1 kamili kana kwamba hapakuwa na ucheleweshaji wowote. Kuanzia theluthi ya mwisho ya kazi huanza kupanda yenyewe kuelekea moja, na mtu anaiona nafuu isiyokuwepo. Mwaka 2003 Walt Lipke alitoa dawa yake, nayo ni rahisi: badala ya kuuliza tuko nyuma kwa shilingi ngapi, uliza kazi tuliyo nayo leo ilitakiwa iwe imefikiwa lini. Kwenye mpango wetu PV ilikuwa 62 mwisho wa Mei, 90 mwisho wa Juni, 120 mwisho wa Julai na 150 mwisho wa Agosti. Kazi yetu ya 90 ni ya mwisho wa Juni, yaani mwezi wa nne. Sisi tuko mwezi wa tano. Nne kwa tano ni 0.8. Miezi kumi ukiigawa kwa 0.8 unapata miezi 12 na nusu, maana yake katikati ya Machi mwakani, si Desemba. Namba hiyo kamati iliielewa papo hapo, kuliko 0.75 yoyote.

Kasoro ya pili ni kwamba SPI huchanganya kazi zote kwenye kapu moja. Uzio wetu ulipangiwa milioni 24 kufikia Julai, nao umefika 30, uko mbele. Sababu ni kwamba wakati wa masika mitaro ya msingi ilijaa maji, na fundi mkuu, kwa busara nzuri tu, akawahamishia vijana kwenye uzio wasikae bure. Lakini uzio haubebi paa. Ukiuondoa, kazi ya jengo lenyewe ni 60 kati ya 96 zilizopangwa, yaani 0.625. Ile 0.75 ilikuwa imepambwa na uzio. Kwa hiyo kila unapopokea SPI, ihesabu mara ya pili kwa zile kazi zinazofuatana tu, ambazo moja ikisimama nyingine haianzi: msingi, kuta, mkanda, kenchi, bati, plasta.

Turudi kwa swali la mzee: itaishia ngapi? Makadirio ya gharama hadi mwisho huandikwa EAC, na fomula zinazotumika sana ni hizi tatu. Zote huanza na AC, fedha ambazo zimekwisha kwenda, hata ya pili, ambayo ni ufupisho wa `AC + (BAC - EV) / CPI`, kisha kila moja hudhani jambo lake kuhusu kazi ya milioni 150 iliyobaki.

| Fomula | Inadhani nini kuhusu kazi iliyobaki | Matokeo |
|---|---|---|
| `EAC = AC + (BAC - EV)` | Itafanyika kwa bei za bajeti, kosa limepita | milioni 250 |
| `EAC = BAC / CPI` | Itaendelea kugharimu kama ilivyogharimu mpaka leo | milioni 267 |
| `EAC = AC + (BAC - EV) / (CPI * SPI)` | Gharama itazidi, na kuchelewa nako kutaongeza gharama | milioni 322 |

Data ni ileile, lakini kati ya jibu la chini na la juu pana tofauti ya milioni 72. Mtu anayetaka kazi iendelee bila maswali atachukua 250, na anayetaka kuisimamisha atachukua 322, na wote wawili watasema wametumia fomula inayokubalika. Ndiyo maana huchagui fomula kwa kuangalia jibu lake. Unaichagua kwa kujua kwa nini zile milioni 10 zilizidi.

Tukatenganisha. Msingi ulipangiwa 30 ukala 36. Tulichimba Machi na Aprili, masika yamekaza, kingo za mitaro zikawa zinaporomoka, tukakodi pampu na kuchimba mara mbili. Kuta na uzio vimeingiza kazi ya 60 na vimekula 64. Hapa sababu ni za kila siku: mfuko wa saruji kwenye mchanganuo ulikadiriwa kutoa matofali 32, vijana walikuwa wakipata 29, na mengine yakivunjika kwenye kuhamisha, tena mlinzi na msimamizi wamelipwa miezi mitano kwa kazi ya miezi minne.

Zile milioni 6 za msingi ni za mara moja. Hakuna msingi mwingine wa kuchimba. Zile milioni 4 ni tabia ya eneo la kazi, na tabia haikomi kwa sababu kikao kimekaa.

Kwa hiyo fomula ya kwanza haitufai. Ingefaa kama milioni 10 zote zingekuwa za mitaro ile. Nakubali fomula hiyo pale tu mtu anapoweza kutaja kwa jina jambo lililotokea, tarehe lililokwisha, na kunionyesha kwamba kazi za baadaye zimelipiwa sawasawa na bajeti. Akisema "tutajirekebisha", namwonyesha kipimo kingine:

```
TCPI = (BAC - EV) / (BAC - AC) = 150 / 140 = 1.07
```

Hii ni fahirisi ya gharama ambayo kazi iliyobaki lazima iifikie ili tumalize ndani ya 240. Mpaka leo tumekwenda kwa 0.90. Kuanzia kesho tungetakiwa tupate kazi ya shilingi 107 kwa kila 100, na vijana walewale, saruji ileile. Nikauliza kama yupo anayejua namna. Hakuna aliyejibu, na ahadi ya 240 ikafutwa hapo bila ugomvi.

Fomula ya pili, `BAC / CPI`, ndiyo ninayoanza nayo karibu kila mara. Haina matumaini wala woga, inasema tu jana itafanana na kesho. Udhaifu wake kwetu ni kwamba inayabeba maji ya masika na kuyamwaga juu ya paa na plasta, kana kwamba kila kazi iliyobaki itachimbwa mara mbili. Utasikia pia watu wakisema kwamba kazi ikishavuka asilimia 20, CPI haibadiliki sana. Kanuni hiyo ilitokana na mikataba mikubwa ya jeshi la Marekani, yenye miaka mingi na ripoti za kila mwezi. Sisi tuko kwenye asilimia 37.5, lakini kwenye jengo la miezi kumi tukio moja kama mitaro ile lina uzito mkubwa bado. Nisingeitegemea.

Ya tatu inahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndiyo inayotumiwa vibaya. 0.90 mara 0.75 ni 0.675, yaani kila shilingi 100 itakayotoka italeta kazi ya 67.50. Ni lini hilo huwa kweli? Pale mmechelewa na tarehe ya mwisho haisogei, hivyo mnalazimika kununua muda: vijana wa zamu ya jioni, mafundi wawili mahali pa mmoja wakigongana kwenye jukwaa moja, vifaa vya haraka kwa bei ya haraka. Hapo kuchelewa hugeuka kuwa gharama. Lakini kama tarehe inaweza kusogea, sehemu kubwa ya gharama ya kuchelewa ni mishahara ya muda, na hiyo tayari imo ndani ya CPI, kama mlinzi wetu wa miezi mitano. Ukizidisha tena kwa SPI unamlipa mlinzi mara mbili. Wako wanaopunguza makali kwa kuchanganya badala ya kuzidisha, asilimia 80 ya CPI na 20 ya SPI. Kwetu inatoa 0.87, na EAC ya milioni 272. Mgawanyo huo wa 80 kwa 20 ni desturi tu, lakini kwa tarehe inayobana kidogo unanipa jibu ninaloweza kulitetea kuliko 322.

Njia ya nne haina fomula maarufu, na ndiyo niliyoichagua kwa shule hii: toa lile la mara moja, kisha tumia fahirisi ya zile kazi ambazo tabia yake bado inaendelea. Kuta na uzio ni 60 kwa 64, sawa na 0.9375. Kazi iliyobaki ya 150 ukiigawa kwa hiyo unapata 160. Ongeza 100 zilizokwenda, EAC ni milioni 260.

Nikaipima kwa njia ndefu. Tulikaa siku mbili na fundi mkuu tukapanga upya bei ya kila kilichobaki: matofali 5,400, mbao za kenchi, bati, milango, plasta, rangi. Bei zikawa za Julai, za madukani, si za mchanganuo wa mwaka jana. Tukapata 165, yaani EAC ya milioni 265. Tofauti ya milioni 5 ilitokana karibu yote na mbao. Hesabu hii ya kuanzia chini ndiyo bora kuliko zote kama anayeifanya si yule atakayelaumiwa kwa jibu lake, lakini inakula siku, na haifai kurudiwa kila mwezi. Ninaifanya mara moja au mbili kwa mradi, kuona kama fomula zimepotea. Hapa 260, 265 na 267 zilikuwa jirani, nami nikatosheka.

Mzee akauliza swali zuri kuliko yangu yote: "Na vuli je? Ulisema maji ya masika ni ya mara moja."

Alikuwa sahihi, na lilinigusa. Kwenye mpango, bati lilipaswa kuwa juu mwisho wa Septemba. Kwa kuchelewa mwezi mmoja linaangukia Oktoba na Novemba, vuli imeshaanza, na kuta zisizo na paa huku tukisubiri plasta zitatuletea gharama nyingine "ya mara moja". Tukio linalorudi kila mwaka halistahili kuondolewa kwenye hesabu isipokuwa umeshalizuia. Basi tukakubaliana: vijana wote watoke kwenye uzio, wahamie kwenye kuta na mkanda, uzio ungoje. SPI ya jumla haitapendeza kwa sababu uzio utasimama, na kamati isishtuke. Mhasibu aandike 260 kama itawezekana kuezeka kabla ya katikati ya Oktoba, na 272 kama kamati itang'ang'ania Januari kwa gharama yoyote.

Mwisho wa Agosti tukapima tena. Mwezi huo tulifanya kazi ya milioni 30 kwa gharama ya milioni 32. EV ikawa 120, AC ikawa 132, PV ikiwa 150. CPI ya jumla ilipanda kidogo hadi 0.909, lakini ya mwezi peke yake ilikuwa 0.9375, ileile tuliyoitarajia baada ya kuutoa msingi. Nikaweka makadirio ya Julai na ya Agosti sambamba:

| Njia | Julai | Agosti |
|---|---|---|
| `AC + (BAC - EV)` | 250 | 252 |
| `BAC / CPI` | 267 | 264 |
| `AC + (BAC - EV) / (CPI * SPI)` | 322 | 297 |
| Bila la mara moja | 260 | 260 |

Jedwali hili ndilo ninaloliamini kuliko hoja yoyote niliyotoa juu yake. Fomula yenye dhana isiyolingana na mradi husogea kila mwezi kuelekea upande mmoja. Ya kwanza inapanda taratibu, kwa kuwa kila mwezi inagundua hasara ambayo ilidai imekwisha. Ya pili inashuka kadiri msingi unavyozidi kuwa sehemu ndogo ya kazi. Ya tatu imeanguka milioni 25 kwa mwezi mmoja. Ikiwa unalo jedwali la miezi mitatu ya namna hii, huhitaji kubishana na mtu: tazama safu ipi imetulia, kisha uulize dhana yake ni ipi.

Mwezi mmoja bado ni ushahidi mdogo. Paa halijaanza, na hesabu ya 60 kwa 64 ilitoka kwenye matofali na saruji, si kwenye mbao na bati. Kenchi za kwanza zikishapanda, nitapima CPI ya paa peke yake kabla ya kuigusa ile 260, na zile milioni 5 za mbao nimezikariri.